Maumivu Sugu na Mfumo wa Neva Uliozidi Usikivu

Goti lenye maumivu sugu linaweza kuuma kwa kiwango kisicholingana kabisa na kinachoonekana kwenye picha ya eksirei. Wapo watu ambao gegedu lao limelika hadi mfupa unakaribia kugusa mfupa, lakini wanakwenda sokoni na kurudi bila kulalamika. Wapo pia ambao picha yao inaonyesha mabadiliko madogo tu, ilhali kupanda ngazi kunawashinda na usiku hawapati usingizi.

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Katika muda huo mgonjwa huwa amekwishaambiwa mambo mengi yanayopingana: mifupa inasagana, maji ya goti yamekauka, ni uzee, au picha haina kitu na tatizo ni mawazo. Siku hizi imeongezeka kauli nyingine, kwamba mfumo mkuu wa neva umezidi usikivu. Kauli hiyo ina msingi wa kisayansi, ila hutumiwa ovyo, kana kwamba ni jina la kila maumivu yaliyokosa maelezo. Ili kuitathmini, ni lazima kwanza kujua kinachobadilika mwilini, kisha kupima hoja za wanaovutana juu ya tiba. Maumivu ya goti yanayotokana na kulika kwa gegedu yanafaa kuwa mfano, kwa sababu pande zote hulitaja goti kama ushahidi wao.

Njia ya kawaida ya maumivu

Kwenye ngozi, misuli na viungo kuna ncha za neva zinazoitikia joto kali, mgandamizo mkubwa au kemikali zinazotolewa na tishu iliyoumia. Ncha hizo hupeleka taarifa hadi ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Hapo taarifa hupokelewa na neuroni za upande wa nyuma wa ugwe, nazo huipeleka ubongoni. Neva nyingine, nene na zenye kasi zaidi, hubeba taarifa za mguso mwepesi. Kwa kawaida hizi hazisababishi maumivu, hata kama zinaingia kwenye ugwe jirani na zile za kwanza.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ugwe mgongo haupitishi taarifa hizi hivi hivi tu. Neuroni zake huweza kuongeza au kupunguza kinachopita kabla hakijafika ubongoni. Vipengele kadhaa vya nadharia hiyo vilirekebishwa baadaye, lakini wazo lake kuu lilibaki: kiasi cha maumivu hakiamuliwi na ukubwa wa jeraha peke yake.

Kinachobadilika ndani ya ugwe

Mwaka 1983 Clifford Woolf, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Wall jijini London, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa panya. Baada ya mguu wa panya kuunguzwa, neuroni zinazoamuru mguu kujikunja zilianza kuitikia hata mguso ambao awali haukuzishtua. Woolf alipotia ganzi mahali palipoungua, hali hiyo haikuisha. Taarifa kutoka kwenye jeraha zilikuwa zimekatwa, lakini ugwe uliendelea kuitikia kupita kiasi. Badiliko, basi, lilikuwa ndani ya ugwe wenyewe.

Kiini chake ni kemia ya mahali neuroni mbili zinapokutana. Neva ya maumivu inapotuma taarifa humwaga glutameti, ambayo hushika vipokezi vya neuroni inayofuata. Kimoja cha vipokezi hivyo, kiitwacho NMDA, huwa kimezibwa na chembe ya magnesiamu, na kwa hiyo hakishiriki sana katika maumivu mafupi. Taarifa zikija mfululizo kwa muda, umeme wa neuroni hubadilika, magnesiamu huondoka na kalsiamu huingia kwa wingi. Kalsiamu huamsha vimeng'enya vinavyofanya vipokezi viwe vyepesi kuitika na kuongeza idadi ya vipokezi kwenye uso wa neuroni. Tangu hapo taarifa ndogo huzaa mwitikio mkubwa. Ni kama king'ora cha nyumba kilichowekwa kwa ajili ya mwizi, ambacho sasa kinalia hata paka akipita uani.

Kwa binadamu badiliko hili lilionyeshwa kwa kutumia kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Ikidungwa kidogo ndani ya ngozi ya mkono, sehemu iliyodungwa huwaka. Baada ya muda mfupi ngozi inayoizunguka, ambayo haikuguswa na dawa, huanza kuuma hata ikipapaswa kwa pamba. Mwaka 1992 Erik Torebjörk na wenzake waliingiza elektrodi nyembamba kwenye neva za watu waliojitolea, wakasisimua nyuzi za mguso mwepesi. Kabla ya kapsaisini wahusika walihisi mguso tu. Baadaye, msisimko ule ule kwenye nyuzi zile zile ulihisiwa kama maumivu. Nyuzi hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni jinsi mfumo mkuu wa neva unavyopokea taarifa zake.

Ndiyo maana dalili kuu za hali hii ni mbili. Kitu kisichopaswa kuuma, kama shuka au mguso wa nguo, huanza kuuma. Na kitu chenye kuuma kidogo huuma sana. Maumivu hayo pia huenea nje ya mipaka ya sehemu iliyoumia.

Udhibiti kutoka ubongoni

Ugwe haufanyi kazi peke yake. Kutoka ubongo wa kati kuna njia inayoshuka kupitia shina la ubongo hadi ugwe mgongo, ikitumia kemikali kama noradrenalini na serotonini. Njia hiyo huweza kuzuia maumivu au kuyachochea. Kwa watu wengi wasio na maumivu sugu, kutumbukiza mkono kwenye maji ya barafu hupunguza kwa muda maumivu ya mgandamizo mguuni, kwa sababu maumivu ya sehemu moja huamsha kizuizi kinachoshuka. Kwa baadhi ya wenye maumivu sugu kizuizi hicho huwa dhaifu au hakionekani. Usingizi mbovu, hofu na msongo huathiri njia hiyo hiyo. Hapo ndipo hali ya nafsi inapokutana na neva kwa namna inayoweza kupimwa.

Baada ya jeraha la kawaida, mabadiliko haya hupungua tishu inapopona. Swali gumu ni kwa nini kwa watu wengine hayapungui, na hapa ndipo misimamo inapotofautiana.

Msimamo wa kwanza: chanzo kiko kwenye goti

Wenye msimamo huu wanasema usikivu wa neva ni matokeo, wala si chanzo. Goti lililolika hutuma taarifa kila siku. Liondoe, na mfumo wa neva utatulia. Ushahidi wao wenye nguvu zaidi unatoka kwenye upasuaji. Wagonjwa wengi waliobadilishiwa nyonga au goti hupata nafuu kubwa, na kwa baadhi yao usikivu uliokuwa umeenea mwilini hurudi karibu na kawaida miezi kadhaa baadaye. Ingekuwa vigumu kueleza hilo kama mfumo wa neva ungekuwa umeanza kujiendesha wenyewe moja kwa moja.

Udhaifu wa msimamo huu uko katika pande mbili. Kwanza, picha ya eksirei haitabiri vizuri nani ataumwa na kwa kiasi gani. Pili, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hubaki na maumivu ya muda mrefu baada ya kubadilishiwa goti, hata pale kiungo bandia kimekaa sawasawa. Kurudia upasuaji kwa mgonjwa wa namna hii bila kasoro ya wazi kwenye kiungo ni hatari, kwa sababu jeraha jipya hupeleka taarifa nyingine nyingi kwenye ugwe ambao tayari umezidi usikivu.

Msimamo wa pili: chanzo kiko kwenye mfumo wa neva

Wa upande wa pili wanasema baada ya muda mrefu maumivu huwa ugonjwa wa mfumo wa neva wenyewe, na tiba ielekezwe huko. Mwaka 2017 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilikubali kundi la tatu la maumivu: yale yanayotokana na mabadiliko ya namna maumivu yanavyochakatwa, bila ushahidi wa wazi wa tishu kuharibika wala neva kujeruhiwa. Fibromialgia, yenye maumivu yaliyoenea mwili mzima, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaeleza kuenea kwa maumivu, uchungu wa mguso mwepesi, na sababu ya dawa za kawaida kama diklofenaki kushindwa. Vilevile unamwondolea mgonjwa tuhuma ya kujifanya.

Udhaifu wake mkuu ni upimaji. Kwa panya, elektrodi huingizwa kwenye ugwe. Kwa binadamu hospitalini hilo haliwezekani, kwa hiyo kinachopimwa ni ishara za pembeni tu: kiwango cha mgandamizo kinachoanza kuuma, au jinsi maumivu yanavyopanda mtu anapochomwa kidogo mara nyingi. Kuna dodoso maarufu lenye maswali 25, alama zake zikianzia 0 hadi 100, na 40 huchukuliwa kama mpaka. Lakini alama zake hufuatana zaidi na wasiwasi na sonona kuliko vipimo vya usikivu wa neva. Anayepata alama 55 ana mzigo mkubwa wa dalili. Haijathibitika kwamba ugwe wake ndio uliobadilika.

Msimamo wa tatu: chanzo ni msongo na hofu

Msimamo wa tatu huangalia sonona, wasiwasi na hofu ya kutumia kiungo. Ni kweli kwamba mambo haya huongeza maumivu, na njia ya kibayolojia ya kufanya hivyo inajulikana. Ni kweli pia kwamba anayeogopa kukunja goti huacha kutembea, misuli ya paja hudhoofika na goti hubeba mzigo bila msaada. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia huwasaidia baadhi ya wagonjwa kurudi kwenye shughuli zao.

Tatizo ni kwamba uhusiano huu huenda pande zote mbili. Miezi sita ya kukosa usingizi kwa sababu ya goti inatosha kumletea mtu huzuni ambayo hakuwa nayo. Msimamo huu ukibaki peke yake hugeuka lawama, na mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu yako kichwani mwake mara nyingi haendi kwa mshauri wa saikolojia. Huenda kutafuta daktari mwingine na picha nyingine.

Kupima misimamo

Misimamo hii haipingani kama inavyodhaniwa. Ushahidi wa upasuaji unaonyesha kwamba usikivu uliozidi mara nyingi hulishwa kutoka chini, yaani kutoka kwenye kiungo. Wale ambao maumivu yao hubaki baada ya upasuaji wanaonyesha kwamba kwa wengine unaweza kuendelea kwa kulishwa kutoka juu, pale udhibiti wa ubongo unapokuwa dhaifu au unapochochea badala ya kuzuia. Kwa hiyo kuuliza kama mgonjwa ana usikivu uliozidi au hana hakusaidii sana. Swali lenye manufaa ni: kwa mgonjwa huyu, nini kinauendeleza? Jibu lake ndilo linaloamua tiba, na kwa kiasi fulani linaweza kutafutwa kwa vitu vilivyopo katika kliniki ya kawaida.

Mfano wa mgonjwa mmoja

Tuseme mgonjwa ni mwanamke wa miaka 58, ambaye goti lake la kulia limeuma kwa miaka minne. Eksirei inaonyesha kulika kwa kiasi cha wastani. Sasa maumivu yamepanda pajani, yameshuka kwenye muundi, na mwaka huu goti la kushoto nalo limeanza. Analala kwa muda wa saa nne tu kila usiku. Anatumia diklofenaki kila siku na tramadoli mara kwa mara.

Hatua ya kwanza ni kuondoa magonjwa yanayojificha. Goti lililovimba na lenye joto, homa, kupungua uzito, ganzi au udhaifu wa mguu huhitaji kuchunguzwa haraka, kwa kuwa kifua kikuu cha kiungo, usaha ndani ya goti na saratani havitibiwi kwa maelezo ya neva. Nyonga nayo izungushwe, kwa sababu nyonga mbovu mara nyingi huuma gotini. Kosa kubwa la wanaoshabikia msimamo wa pili ni kuruka hatua hii.

Hatua ya pili ni kutafuta ishara za usikivu. Mpimaji hubonyeza kwa kidole gumba hadi kucha yake ianze kuwa nyeupe, mgandamizo wa karibu kilo 4 kwa sentimita moja ya mraba. Akibonyeza goti na likauma, hajajifunza kitu kipya. Akibonyeza mkono, mbali kabisa na goti, nao ukauma sana, hiyo ni ishara ya usikivu ulioenea. Kisha ngozi ya muundi huchomwa kidogo kwa ncha isiyopenya, mara 10, kila sekunde mara moja. Maumivu yakipanda kutoka 2 kwenye mchomo wa kwanza hadi 7 kwenye wa kumi, ugwe unajumlisha taarifa kupita kiasi. Kupanda kidogo ni kawaida kwa kila mtu, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Ishara kadhaa zinazoelekea upande mmoja ndizo zenye uzito.

Hatua ya tatu ni kutafuta kinacholisha hali hiyo. Ganzi ikidungwa ndani ya goti na maumivu ya goti, paja na muundi yakatulia kwa saa chache, goti ndilo mlishaji mkuu. Maumivu yakibaki vile vile, kuna chanzo kingine. Kipimo hiki nacho kina mpaka, maana sindano yenyewe humpa mtu matumaini yanayotuliza, lakini matokeo yake husaidia kabla ya kufikiria upasuaji. Kwa mgonjwa huyu, tuseme nafuu ni ya nusu: goti linatulia, muundi hautulii. Tiba yake itahitaji kufanya kazi pande zote mbili.

Tiba na gharama zake

Upande wa goti, jeli ya diklofenaki hupunguza taarifa kutoka kwenye kiungo ikiwa na hatari ndogo kwa tumbo na figo kuliko vidonge vya kila siku. Mazoezi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito uliozidi hufanya vivyo hivyo, polepole lakini kwa muda mrefu zaidi.

Mazoezi yana mtego wake. Kwa watu wengi zoezi moja hupunguza maumivu kwa muda. Kwa baadhi ya waliozidi usikivu huyaongeza. Mgonjwa akianza kwa nguvu ataumwa siku mbili, ataogopa na kuacha. Njia inayofaa ni kupima uwezo kwanza. Akitembea dakika 12, 8 na 10 kwa siku tatu kabla maumivu hayajazidi, wastani ni dakika 10. Ataanza na 8, kisha aongeze dakika moja kila baada ya siku chache. Mwendo hupangwa kwa saa. Haupangwi kwa maumivu ya siku hiyo, kwa sababu siku nzuri humfanya mtu apitilize na siku mbaya humlaza kitandani. Kumweleza mgonjwa jinsi neva zinavyofanya kazi kunasaidia hapa: maelezo peke yake hupunguza maumivu kidogo tu, lakini huondoa hofu inayomzuia kuanza.

Upande wa neva, duloksetini huongeza noradrenalini na serotonini katika njia inayoshuka kutoka ubongoni. Huanzwa kwa miligramu 30 kwa wiki moja, kisha 60, na kichefuchefu ndicho kinachowaachisha wengi. Amitriptilini ni ya bei nafuu. Kwa maumivu huanzwa kwa miligramu 10 usiku, ambacho ni kipimo kidogo kuliko cha sonona, na husaidia usingizi. Haifai kwa wenye matatizo ya umeme wa moyo, baadhi ya aina za presha ya macho, au tezi dume iliyozuia mkojo. Katika maumivu ya neva zilizojeruhiwa, takriban mtu mmoja kati ya wanne hupata nafuu kubwa inayotokana na dawa zenyewe za kundi la amitriptilini, na mmoja kati ya saba kwa gabapentini. Takwimu hizo hazihamishiki moja kwa moja kwenye goti, lakini zinaonyesha kiwango cha matarajio yanayofaa: dawa ijaribiwe kwa wiki kadhaa, na isipoleta nafuu iondolewe taratibu.

Tramadoli ya mgonjwa huyu ina matatizo mawili. Ikichanganywa na duloksetini au amitriptilini huongeza hatari ya degedege na ya serotonini kuzidi mwilini. Zaidi ya hapo, dawa za kundi la afyuni, ambamo tramadoli imo, zikitumika muda mrefu huweza zenyewe kuongeza usikivu, na kipokezi cha NMDA ni mojawapo ya njia zake. Mwili ukiwa umeizoea dawa tu, kuongeza kipimo hurudisha nafuu kwa muda. Usikivu ukiwa umeongezwa na dawa, kila nyongeza huzidisha maumivu na kuyaeneza. Hapo kinachotakiwa ni kupunguza dawa hatua kwa hatua.

Hata miongozo mikubwa haikubaliani kikamilifu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 kuhusu maumivu sugu yasiyo na ugonjwa mwingine wa kuyaeleza uliunga mkono mazoezi, tiba ya mazungumzo na baadhi ya dawa za sonona, ukakataa afyuni, gabapentini na hata parasetamoli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno uliunga mkono elimu na mazoezi, lakini ukashauri dawa za sonona zisitumike kama kawaida. Huenda tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na makundi tofauti ya wagonjwa. Miongoni mwa wenye maumivu ya kiuno huenda wamo wengi ambao mfumo wao wa neva haujazidi usikivu, na kwao dawa inayolenga mfumo huo haingekuwa na cha kurekebisha.

Muhtasari

Usikivu uliozidi ni mabadiliko halisi ya neuroni, yanayoanza taarifa za maumivu zinapoingia kwenye ugwe mgongo mfululizo, na yanayodumu zikiendelea kuingia au udhibiti wa ubongo unapodhoofika. Msimamo wa goti una nguvu pale kiungo ndicho mlishaji, na hushindwa pale maumivu yanapobaki baada ya upasuaji uliofanikiwa. Msimamo wa neva hueleza kuenea kwa maumivu, lakini vipimo vyake kwa binadamu si vya moja kwa moja na jina lake linaweza kuficha ugonjwa mwingine. Msimamo wa msongo hugusa njia ya kweli ya kibayolojia, ila hauelezi mwanzo wa tatizo kwa wengi. Kwa mgonjwa, uamuzi bora hufuata mpangilio huu: kuondoa magonjwa ya hatari, kutafuta ishara kadhaa za usikivu, kubaini kinachoulisha, kisha kutibu kiungo, neva na usingizi kwa uwiano unaolingana na majibu hayo. Upasuaji na dawa za muda mrefu hubaki kwa wale ambao majibu yao yanaonyesha kwamba faida inazidi gharama.